Mutu akisema «shairi» tu: tuandike kwanza ao tuulize kwanza?

Sisi tuko watatu kwenye meza moja karibu na soko, hapa Likasi. Kazi yetu ni kuandikia watu: barua za kuomba kazi, matangazo ya ndoa, maneno ya kusoma kwa kilio, na mara nyingi mashairi. Watu wengi wanaokuja kwetu ni wachimbaji, bibi zao na watoto wao. Na wengi wanapofika mezani, wanasema neno moja tu: «Shairi.» Wengine wanasema «Poemu.» Kisha wananyamaza, wanatuangalia.

Kati yetu wandikaji kuna mabishano juu ya neno hilo moja. Wenzetu fulani wanasema mutu akileta neno moja, lazima umuulize yote kabla ya kugusa biki: ni ya nani, ya siku gani, ya furaha ao ya huzuni, kwa lugha gani, mistari ngapi. Wengine wanafanya kinyume: wanaandika ukurasa muzima mara moja, wanausoma kwa sauti kubwa, wanangojea franka. Sisi tunaona wote wawili wanakosa, na tunataka kueleza sababu, kwa kuwa hata ninyi nyumbani munaombwa vile vile. Mutoto anatoka masomo anasema «Mwalimu anataka poemu.» Ndugu anakupigia telefoni: «Yaya, utuandikie shairi ya ndoa.» Utaanzia wapi?

Kwanza tuelewe neno lenyewe. «Shairi» haisemi kitu kimoja. Kwa Waswahili wa pwani, Mombasa ao Zanzibar, shairi la kawaida liko na sheria: beti za mistari minne, kila mustari mizani kumi na sita, umekatwa katikati nane kwa nane, na vina vinafanana katikati na mwisho. Kwetu Katanga, mutoto wa masomo akisema poemu, anawaza resitasyo, maneno ya kushika kwa kichwa na kusema mbele ya darasa. Baba muzee wa Kiluba akisikia shairi, anaweza kuwaza kasala, ambayo ni kitu kingine kabisa, na tutairudilia. Basi mutu aliyesema neno moja hakuwa muvivu. Mara nyingi yeye mwenyewe hajajua anataka nini. Anajua tu kwamba iko siku inakuja na maneno ya kila siku hayatatosha. Atajua anachotaka akikiona, ao akiona kile ambacho hataki.

Ndiyo maana maswali kumi hayasaidii. Tulifanya hivyo miaka mingi, tukiwa na kitabu cha kuandikia majibu. Mutu anajibu swali la kwanza, la pili, la tatu anasema «Ninyi njo munajua, mimi sikusoma sana,» kisha anasema atarudi kesho. Harudi. Tulimufanya ajisikie kama yuko ofisini anaomba karatasi ya serikali.

Tuwape mambo ya siku moja ya Posho, jioni. Kijana mumoja alifika, nguo bado na vumbi ya kariyeri, telefoni yake inakaribia kuzimika. Alisema:

«Jambo yenu, ba papa. Minataka shairi.»

Mwenzetu alimuuliza: «Shairi ya nini, mutoto yetu?»

«Muandike tu. Mi nitasikia.»

Basi tuliandika palepale, kwa dakika zisizozidi kumi, mistari sita tu. Tulidhani ni ya bibi yake, kwa kuwa vijana wa umri ule wanakuja mara nyingi kwa ajili ya bibi. Hii ndiyo karatasi ya kwanza:

Usiku niko chini, ninawaza nyumba yetu,
taa ndogo kwa dirisha, na wewe unaningojea.
Vumbi ya kazi inashika mikono yangu,
lakini jina lako haishike vumbi.
Asubuhi nikirudi, ufungue mulango,
unipatie maji, kisha unicheke.

Tulimusomea polepole. Kisha tulimwambia yale tuliyokisia: «Tumedhani ni ya bibi yako, ni ya furaha, na ni wewe utaisoma. Kama tumekosa, utuonyeshe ni mustari gani unakosa.»

Alicheka. «Hapana, haiko ya bibi. Bibi yangu akisikia hii atauliza nimefanya kosa gani. Ni ya mama.» Akaangalia tena karatasi, akaweka kidole kwenye mustari wa pili. «Na hii taa ya dirisha, hapana. Kwetu haikukuwa taa. Ilikuwa torshi. Mama njo aliniuziaka torshi ya kwanza. Hakutaka niende kwa shimo, alilia siku tatu. Lakini aliuzisha mikate ya mafuta mbele ya masomo mpaka alipata franka ya torshi na bote. Alisema kama unaenda, basi uende unaona njia.»

Muone vizuri kilichotokea hapa. Tungemuuliza «Mama yako alikufanyia nini?», angejibu «Mambo mingi, alinikomalisha.» Majibu ya namna hiyo kila mutu anayo, na shairi haliwezi kujengwa juu yake. Torshi ilitoka kwa sababu tuliandika taa, na taa ilikuwa kosa. Mutu akiona kosa juu ya jambo analolijua, hawezi kunyamaza. Analisahihisha, na anapolisahihisha anakuletea kitu chenyewe, kile ambacho wewe usingekijua kamwe.

Kisha akatueleza sababu. Siku ya Mungu itakayofuata mama yake alikuwa anaondoka mujini, anarudi kijijini kulinda mama yake mwenyewe aliyezeeka. Familia yote ilikuwa itakusanyika, na yeye kama mutoto wa kwanza alipaswa kusema neno. Tuliandika karatasi ya pili:

Mama, hukutaka niingie kwa shimo,
lakini torshi yangu ya kwanza, wewe njo uliiuza.
Mikate ya mafuta, moja moja, mbele ya masomo,
ikawa mwangaza yangu chini ya udongo.
Kila mara ninatoka, ninazima torshi,
ninasema: leo tena mama amenirudisha.
Sasa wewe njo unaenda, mimi njo ninabakia.
Kwa njia yako, nani atakubebea mwangaza?

Safari hii hakucheka. Alisoma yeye mwenyewe, midomo inatikisika. Tulimuuliza tena, si «Iko muzuri?», lakini «Ni mustari gani haufanane na mama yako?» Akasema yote inafanana, isipokuwa wa mwisho. «Munaandika nani atakubebea. Miye njo nitamupeleka. Nimeomba ruhusa siku tano, tutapanda camioni pamoja.» Basi mustari wa mwisho ukawa: «Kwa njia yako, mi njo nitakubebea mwangaza.» Alikunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu chake cha malipo, akaenda. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Kutoka mambo kama hayo tulijifunza namna ya kutengeneza ile karatasi ya kwanza, maana si kila karatasi ya kwanza inasaidia.

Iwe fupi. Sisi hatupiti mistari sita ao nane. Ukiandika ukurasa muzima, mutu anaona umetoka jasho, anasikia haya kukuambia umekosa. Kwa heshima atasema «Asante, iko muzuri,» atalipa, na siku ya sherehe karatasi itabaki mufukoni. Mistari sita haimuogopeshi mutu. Anaweza kuitupa bila kukuumiza, na wewe unaweza kuandika ingine bila kununa.

Iwe na kitu kimoja cha kushikika: taa, beseni, mulango, viatu. Karatasi inayosema tu «Mama ni jua, mama ni mwangaza wa maisha» haina kosa, na hiyo ndiyo shida yake. Hakuna pa kuweka kidole. Mutu atasema ndiyo kwa kuwa kila mama ni jua, na hamutapiga hata hatua moja mbele. Ni heri taa iliyokosewa kuliko jua ambalo halimuhusu mutu yeyote.

Mwambie waziwazi yale uliyokisia. Sisi tunataja matatu: ni ya nani, ni ya furaha ao huzuni, nani ataisoma. Ukinyamaza, mutu anafikiri wewe njo unajua sheria ya mashairi, na yeye njo amekosa. Ukisema «tumedhani», anaelewa kwamba mulango ungali wazi.

Na swali la kuomba mabadiliko liwe dogo. Kwetu, ukimuuliza mutu «Unaipenda?», adabu inamulazimisha aseme ndiyo, zaidi sana kama wewe ni mukubwa wake. Lakini ukimuuliza ni mustari gani haufanane, ao ni neno gani yeye hasemi nyumbani, unamupa kazi anayoiweza. Yeye njo anamujua mama yake, si wewe.

Ziko alama za kusoma pia. Mutu akibadilisha neno moja ao mustari mumoja, umekaribia, malizia. Akibadilisha kila mustari, usishone viraka: ulikisia vibaya tangu mwanzo, uchukue karatasi mupya. Akinyamaza na kukunja karatasi haraka, haukumufikia, hata kama amesema asante. Na mukifika karatasi ya tatu bila kusonga, simama, weka biki chini, umuombe akusimulie siku moja tu ambayo anaikumbuka na mutu huyo. Hapo maswali yanaanza kufaa, kwa sababu sasa yako na kitu cha kushikilia.

Mpaka hapa mutu anaweza kudhani tunasema: andika kwanza siku zote. Hapana. Iko mahali ambapo kuandika kwanza kunaharibu, na sisi tulijifunza kwa kosa letu wenyewe.

Ilikuwa familia moja iliyofiwa. Walikuja watu wawili, tantine muzee na kijana. Kijana akasema: «Shairi ya kilio.» Tulitoa pole, tukauliza kazi ya marehemu, tukasikia kwamba alikuwa muchimbaji miaka mingi. Na sisi, kwa kuwa tulizoea mutindo wetu, tukaandika mistari sita haraka. Katika mustari wa tatu tulisema kazi ndiyo iliyokula pumuzi yake. Tulidhani ni maneno mazuri. Tulipoyasoma, tantine aliinuka kwa kiti.

«Munataka batoto bapoteze haki yabo?»

Hatukuelewa. Kijana ndiye alitueleza. Marehemu alikuwa ameacha kazi, aligonjwa kwa muda murefu, na familia ilikuwa ingali inasemezana na wakubwa wa kazi juu ya franka ya wajane na yatima. Hakuna aliyekuwa ameandika bado ugonjwa ulitoka wapi. Wakubwa wale wale walikuwa watakuja kukaa kilioni, kwenye viti vya mbele. Na ndani ya familia yenyewe watu walikuwa wamegawanyika: wengine walisema ni shimo, wengine walisema ni jambo la nyumbani. Mustari wetu mumoja ungechagua upande mbele ya watu wote. Tantine hakutaka karatasi ya pili. Walienda kutafuta mutu mwingine, na walikuwa na haki.

Tulikaa usiku ule tukijiuliza tofauti ni nini. Kwa kijana wa torshi tulikosa pia: tuliandika bibi, kumbe ni mama. Mbona kosa lile lilisaidia na hili liliumiza? Jibu letu ni hili. Kwa kijana, kosa lilikuwa la kuchagua. Angeweza kucheka, kusema hapana, na hakuna aliyepoteza kitu. Kwa tantine, kosa lilikuwa juu ya jambo la kweli ambalo watu wanalibishania, na ambalo likishasemwa kwa sauti halirudi. Karatasi ya kwanza inafaa pale ambapo kosa linaweza kusahihishwa kwa biki. Pale ambapo kosa linaumiza mutu kwa kusikiwa tu, uliza kwanza.

Kwa hiyo sasa, mutu akisema «kilio», hatugusi biki mpaka tumeuliza mambo manne, na manne tu. Jina gani nyumbani walikuwa wanamuita? Nani atasoma maneno haya? Nani watakuwa wanakaa na kusikia? Na swali la mwisho, ambalo tunaliuliza kwa sauti ya chini: iko neno gani ambalo hatupaswi kulisema? Mara nyingi hilo la nne ndilo linalojibiwa haraka. Mutu anasema «Musitaje ndugu yake wa Kolwezi,» ao «Musiseme aligonjwa na nini.» Tukishapata hayo, tunarudilia mutindo wetu: mistari sita, na kuomba mabadiliko.

Kasala nayo ni hivyo, na zaidi. Wale wasiotoka upande wa Baluba wajue kwamba kasala ni maneno ya kusifu, yanasemwa kwa aliye hai ao kwa marehemu, na mwili wake ni majina: majina ya mutu, ya baba zake, ya mama waliomuzaa, ya mahali walipotoka, pamoja na matendo yao. Clémentine Faïk-Nzuji, mwanamuke musomi wa inchi yetu, aliandika kitabu kizima juu ya kasala. Mambo haya si ya kukisia. Ukiweka babu wa watu wengine katika ukoo wa mutu, haukukosea mustari, umemutukana. Mutu akituomba kasala, tunamwambia ukweli: nenda kwanza kwa muzee wa familia, ulete majina kwa mupangilio wake, kisha urudi. Na kama yuko mutu anayejua kuisema kwa desturi, tunamutuma kwake. Meza yetu haiwezi kila kitu.

Ndoa iko katikati ya hayo mawili. Maneno juu ya bibi na bwana arusi tunaandika kwanza, kwa furaha, tunakosa, tunacheka, tunabadilisha. Lakini salamu za familia mbili, nani atatajwa kwanza, baba mukubwa ao mujomba, hapo tunauliza kabla. Kwenye shairi moja unaweza kuwa na sehemu ya kukisia na sehemu ya kuulizia.

Wenzetu wa maswali mengi watatujibu: kuuliza ni heshima, kuandika bila kujua ni kiburi. Tunakubali nusu. Kweli ni kiburi kama unaandika kisha unatetea ulichoandika. Tulimuona mwandikaji mumoja akimuelezea mama kwa nini mustari wake ni muzuri na kwa nini mama hakuuelewa. Huyo afazali angeuliza. Lakini kama umeandika mistari sita na uko tayari kuipasua mbele ya macho yake, haujamunyima heshima. Umemutolea kitu akiguse, na umemuachia yeye neno la mwisho.

Kwenu wazazi, tunasema hivi juu ya watoto wa masomo. Mutoto akirudi na neno «poemu», musimuandikie shairi lote, na musimufukuze na maswali. Uliza moja tu: mwalimu ametaja mistari ngapi, ao habari gani? Kama hakutaja, mukae pamoja, muandike mistari minne juu ya kitu kilicho mbele yenu: mbabula ya makala, bukari inayovukiza, baba anayelala muchana kwa kuwa usiku alikuwa kazini. Kisha mumuulize mutoto: ni wapi tumesema uongo? Atakuambia kwamba baba halali kimya, anakoroma, ao kwamba mbabula yenu iko na muguu mumoja umevunjika. Uandike hayo. Mwalimu wake atajua kwamba shairi hilo limetoka nyumba moja tu katika muji huu.

Yule kijana wa torshi alipita tena mezani baada ya siku zake tano. Hatukumuuliza kama watu walilia. Alituambia tu kwamba mama ameomba aachiwe karatasi, na kwamba hajui kusoma, lakini ameiweka ndani ya kitambaa pamoja na franka yake. Kisha akasema neno moja: «Ingine.»

Tulicheka, tukavuta karatasi. Safari hii tulikisia ni ya bibi.